Transkripti kutoka Kampala hadi ughaibuni: maelezo ambayo ofisi ya msajili huyahitaji

Mhitimu wa chuo kikuu cha Uganda anayeishi ng'ambo anaweza kuwa na transkripti yake halisi ndani ya sanduku, imehifadhiwa vizuri, na bado akaambiwa kwamba haitoshi. Taasisi nyingi za Kanada, Marekani na kwingineko zinazopima elimu ya wahamiaji hazikubali karatasi iliyopita mikononi mwa mwenyewe. Hutaka chuo chenyewe kiitume, ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri, bila mwombaji kuigusa.

Sharti hilo linamlazimu mtu aliye Toronto au Minneapolis kuiomba ofisi iliyo Kampala imfanyie kazi ambayo hawezi kuisimamia kwa macho yake. Asipokuwapo, kinachobaki kumwakilisha ni maelezo aliyoyaandika. Yakipungua, barua hukaa mezani ikisubiri. Yakikosewa, bahasha huvuka bahari na kufika mahali ambapo hakuna anayejua ni ya nani.

Makala haya yanaeleza namna ombi hilo linavyoandaliwa, kwa kuangalia hasa Chuo Kikuu cha Makerere, na kufuata mfano wa mwombaji mmoja kutoka barua ya kwanza hadi bahasha kupokewa.

Ofisi ipi inayohusika

Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya mwaka 2001, masuala ya udahili, mitihani na kumbukumbu za masomo katika chuo kikuu cha umma nchini Uganda yamo mikononi mwa Msajili wa Masomo. Katibu wa Chuo ni ofisa mwingine, anayeshughulikia utawala na fedha. Barua iliyoandikiwa Katibu, au mkuu wa kitivo alichosoma mhitimu, huenda ikafika hatimaye, lakini baada ya kuzunguka. Makerere, ofisi ya Msajili wa Masomo iko katika Jengo la Seneti, ndani ya kampasi kuu iliyo juu ya Wandegeya. Anwani inayoandikwa kwenye barua ni hii:

Academic Registrar
Makerere University
P.O. Box 7062
Kampala, Uganda

Kabla ya kuandika, mhitimu wa miaka ya zamani anapaswa kujiuliza swali moja zaidi: ni chuo gani hasa kilichotunuku shahada yake? Makerere ilianza mwaka 1922, lakini kuanzia 1949 wanafunzi wake walisomea shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, na tarehe 1 Julai 1970 ikasimama peke yake kama chuo kikuu cha taifa. Aliyehitimu mwaka 1968 ana cheti chenye jina la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ingawa alisomea Makerere. Jambo hilo sharti litajwe katika ombi na pia lielezwe kwa taasisi itakayopokea, ili majina mawili yasionekane kama hitilafu.

Hali kama hiyo huwakuta waliosoma katika taasisi ambazo leo hazipo kwa majina yao. Chuo Kikuu cha Kyambogo kiliundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha Politekniki ya Uganda Kyambogo, Taasisi ya Walimu Kyambogo na Taasisi ya Taifa ya Elimu Maalumu. Mtu aliyesoma Politekniki katika miaka ya 1990 huandikia Kyambogo, lakini hutaja jina la taasisi kama lilivyokuwa siku zake.

Mafungu mawili ya maelezo

Maelezo yote yanayohitajika yanaweza kugawanywa katika mafungu mawili. La kwanza humsaidia karani wa Kampala kumpata mhitimu katika kumbukumbu. La pili huisaidia taasisi ya ng'ambo kuitambua bahasha itakapofika. Waombaji wengi hukumbuka fungu la kwanza na kulisahau la pili, au huandika yote mawili kwa majina yasiyolingana.

Katika fungu la kwanza, lililo muhimu kuliko yote ni nambari ya usajili. Kwa shahada ya kwanza Makerere, nambari hiyo kwa miaka mingi imeanza na tarakimu mbili za mwaka wa kuingia chuoni, kisha herufi, kisha nambari ya mtu binafsi, vyote vikitenganishwa na mikwaju. Aliyeingia mwaka 2008, kwa mfano, ana nambari inayoanza na 08/U/. Baadhi ya wanafunzi waliojilipia ada walipewa pia herufi za nyongeza mwishoni, nazo ni sehemu ya nambari, hazipaswi kuachwa. Nambari hiyo ni tofauti na nambari ya mwanafunzi, ambayo ni mfululizo wa tarakimu tupu. Inafaa kuandika zote mbili na kutaja ipi ni ipi.

Baada ya nambari linafuata jina. Linaloandikwa ni jina lililo kwenye kumbukumbu za chuo, kwa mpangilio uleule na tahajia ileile, hata kama mwenyewe halitumii tena. Kisha huandikwa jina la sasa, kwa maneno ya wazi kwamba ni mtu yuleyule. Aliyebadili jina kwa ndoa huambatanisha nakala ya cheti cha ndoa; aliyebadili kwa njia nyingine huambatanisha hati ya kisheria ya kubadili jina. Si haki kumtarajia karani akisie kwamba jina la ubatizo liliachwa miaka kumi iliyopita.

Yanayobaki katika fungu hili ni tarehe ya kuzaliwa, jina kamili la shahada, masomo makuu, mwaka wa kuingia, na mwezi na mwaka wa mahafali. Kitivo nacho hutajwa kama kilivyokuwa wakati huo. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 Makerere ilihama kutoka mfumo wa vitivo kwenda mfumo wa koleji, hivyo idara nyingi leo ziko chini ya jina ambalo wahitimu wa zamani hawakulijua.

Fungu la pili ni la mpokeaji. Ndani yake kuna jina la taasisi, idara inayopokea nyaraka, anwani ya mtaa pamoja na msimbo wa posta, nambari ya simu, na juu ya yote nambari ya kumbukumbu ambayo taasisi hiyo imempa mwombaji. Nambari hiyo ndiyo inayoiunganisha karatasi na faili. Taasisi inayopokea maelfu ya bahasha kutoka nchi zote haiwezi kutegemea jina peke yake, hasa jina la Kiganda, Kiarabu au Kikristo ambalo watu wengi wanalo.

Mfano wa mwalimu aliye Toronto

Tuchukue mfano wa mwalimu mmoja aliyeingia Makerere mwaka 2008 kusomea Shahada ya Sanaa na Elimu, akahitimu Januari 2012, kisha akaolewa na kuhamia Toronto. Anataka elimu yake itambuliwe nchini Kanada, na amechagua taasisi ya World Education Services, inayojulikana kwa herufi WES. Hiyo ni miongoni mwa taasisi chache zilizoidhinishwa na serikali ya Kanada kupima vyeti vya waombaji uhamiaji, utaratibu ulioanza mwaka 2013.

Hatua yake ya kwanza si kuandika Kampala. Kwanza hufungua akaunti kwa mpokeaji, maana bila hiyo hana nambari ya kumbukumbu. Anapoifungua, anaandika jina lake la sasa na pia jina lililo kwenye transkripti katika sehemu ya majina ya awali. Mfumo humpa nambari ya kumbukumbu pamoja na orodha ya nyaraka: transkripti itumwe na chuo moja kwa moja, na nakala ya cheti cha shahada aipakie yeye mwenyewe. Orodha hiyo hutegemea nchi na ngazi ya elimu, kwa hiyo huisoma yake, haazimi ya rafiki aliyesoma India au Nigeria.

Humo pia hupata fomu ya kuombea kumbukumbu za masomo. Sehemu ya juu huijaza mwenyewe: majina, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya kumbukumbu, nambari ya usajili chuoni, shahada na mwaka. Kisha hutia saini ya kukiruhusu chuo kutoa taarifa zake. Sehemu ya chini huiacha tupu, kwa kuwa ni ya ofisa wa chuo, atakayeandika jina lake, cheo, tarehe na saini, na kupiga muhuri. Fomu hiyo husafiri ndani ya bahasha ileile pamoja na transkripti.

Hatua ya pili ni barua kwa Msajili wa Masomo. Huandikwa kwa Kiingereza, lugha ya ofisi, na haizidi ukurasa mmoja. Maudhui yake ni haya:

Kichwa: Ombi la transkripti rasmi kutumwa ng'ambo.
Jina katika kumbukumbu za chuo, na jina la sasa.
Nambari ya usajili, nambari ya mwanafunzi, tarehe ya kuzaliwa.
Shahada, masomo makuu, mwaka wa kuingia, mwezi na mwaka wa mahafali.
Ombi: transkripti moja iliyothibitishwa, pamoja na fomu iliyojazwa, katika bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri kwenye kifuniko.
Mpokeaji: jina, anwani kamili, simu, na nambari ya kumbukumbu iandikwe nje ya bahasha.
Njia ya kusafirisha na aliyeilipia.
Simu na baruapepe ya mwombaji, na ya mwakilishi wake Kampala.
Saini na tarehe.

Huambatanisha nakala ya transkripti yake, nakala ya cheti, ukurasa wa picha wa pasipoti au kitambulisho cha taifa, na cheti cha ndoa. Nakala ya transkripti humwokolea karani muda, kwa kuwa humwonyesha ukurasa anaoutafuta. Ile halisi haitumwi kwa posta hata siku moja. Ikipotea, kupata nyingine huanzia polisi kwa taarifa ya upotevu na hati ya kiapo, na huchukua muda mrefu zaidi ya ombi lenyewe.

Hatua ya tatu ni mwakilishi. Mwalimu huyu ana mdogo wake anayeishi Ntinda, na anamwomba apeleke ombi Jengo la Seneti. Undugu peke yake hauwapi ofisi ruhusa ya kushughulika naye. Tangu Uganda ilipopitisha Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha mwaka 2019, taarifa za mtu hazitolewi kwa mwingine bila idhini. Hivyo huandika barua fupi ya idhini yenye jina kamili la mdogo wake na nambari ya kitambulisho chake, ikitaja kazi moja tu: kuwasilisha ombi, kulipa ada na kufuatilia. Mdogo wake hubeba kitambulisho hicho siku anayokwenda.

Malipo na namna ya kuyathibitisha

Vyuo vikuu vya umma Uganda hukusanya ada zao kupitia mfumo wa Mamlaka ya Mapato, URA. Mlipaji hupata kwanza nambari ya malipo, ambayo kila mtu ofisini huiita kwa herufi PRN, kisha hulipa kwa nambari hiyo benki au kwa simu. Kiasi cha ada hubadilika, hivyo huulizwa ofisini kabla ya kutoa nambari. Risiti yenye PRN hubanwa kwenye barua ya ombi, na picha yake hubaki kwenye simu ya mwakilishi.

Mtu akiombwa atume fedha kwenye simu ya binafsi ya mfanyakazi au ya dalali aliye nje ya jengo, hayo si malipo ya chuo. Hakuna risiti itakayotoka, na ombi litabaki bila ushahidi kwamba lilipokewa.

Ada ya usafirishaji ni jambo jingine kabisa. Ada ya chuo hulipia kutafuta kumbukumbu na kuithibitisha. Mwombaji asidhani kwamba inafikisha bahasha Kanada. Mdogo wake anaweza kuchagua huduma ya haraka ya Posta Uganda, EMS, au kampuni binafsi ya kusafirisha vifurushi. Faida ya njia hizo mbili juu ya barua ya kawaida ni nambari ya ufuatiliaji, na bila nambari hiyo hakuna namna ya kuthibitisha kwamba bahasha iliondoka.

Pale bahasha inapoharibikiwa

Makosa mengi hutokea siku ya mwisho, baada ya kazi ngumu yote kumalizika. La kwanza linahusu muhuri. Bahasha inayokubalika huwa imegundishwa, kisha saini au muhuri wa ofisi hupigwa juu ya mstari ambapo kifuniko hukutana na bahasha, ili atakayeifungua aache alama. Muhuri uliopigwa katikati ya upande wa mbele hauthibitishi lolote. Mwakilishi huweza kulitazama hilo kwa sekunde chache kabla ya kuondoka, na kuomba lirekebishwe akiwa bado mbele ya dirisha.

La pili linahusu nambari ya kumbukumbu. Lazima ionekane nje ya bahasha ya chuo na ndani kwenye fomu. Kampuni za usafirishaji huitia bahasha hiyo ndani ya mfuko wao wa plastiki, na mfuko ukitupwa, kilichoandikwa juu yake hutupwa nao.

La tatu ni sehemu ya mtumaji kwenye hati ya usafirishaji. Mdogo wake akiandika jina lake mwenyewe, taasisi huona kifurushi kilichotoka kwa mtu binafsi, na huweza kukataa yaliyomo hata kama muhuri ni mzima. Mtumaji anayepaswa kuonekana ni ofisi ya Msajili wa Masomo, Chuo Kikuu cha Makerere. Kwa sababu hiyo njia iliyo salama ni mchukuzi wa kampuni kuichukua bahasha ofisini, kwa usafiri uliokwisha lipiwa. Ikiwa ofisi itamkabidhi mwakilishi bahasha iliyofungwa, mwombaji huuliza kwanza kwa mpokeaji, kwa maandishi, kama utaratibu huo unakubalika.

La nne ni anwani. Kampuni za vifurushi hupeleka kwenye mlango wa jengo, si kwenye sanduku la posta. Taasisi zingine hutoa anwani mbili, moja ya barua na nyingine ya vifurushi, na kuchanganya hizo mbili hurudisha bahasha Kampala au huilaza ghalani.

Baadhi ya taasisi hupokea transkripti kwa njia ya kielektroniki. Hapo pia kanuni ni ileile: sharti itoke kwa ofisa wa chuo, kwenye anwani ya chuo inayoishia na mak.ac.ug, ikiwa na nambari ya kumbukumbu kwenye kichwa cha ujumbe. Faili iliyotumwa na mhitimu mwenyewe kutoka anwani yake binafsi huhesabiwa kuwa nakala tu.

Kujua kama imefika

Siku bahasha inapoondoka, mdogo wake humtumia mwalimu picha tatu: upande wa mbele wa bahasha, kifuniko chenye muhuri, na hati ya usafirishaji. Picha hizo ndizo ushahidi wake iwapo kutazuka mgogoro.

Baada ya hapo kuna hali tatu zinazoweza kujitokeza, na kila moja ina maana yake. Nambari ya ufuatiliaji isiposonga kabisa, bahasha haijachukuliwa, na simu hupigwa Kampala. Ikionyesha kwamba imepokewa lakini akaunti ya mwombaji haionyeshi transkripti, hupaswa kuipa taasisi siku za kazi za kupanga barua kama inavyozitaja yenyewe. Zikipita, kwa kawaida imefika bila kuunganishwa na faili. Hapo huandikia taasisi akitaja nambari ya ufuatiliaji, siku iliyopokewa na jina lililo kwenye transkripti, ambalo si lile analolitumia leo. Na ikiwa akaunti inasema waraka umekataliwa, husoma sababu kabla ya kutuma tena. Kukosekana kwa muhuri kunahitaji bahasha mpya kutoka chuoni, lakini jina lisilolingana mara nyingi huhitaji tu cheti cha ndoa kupakiwa kwenye akaunti.

Kwa mwalimu wetu, tofauti kati ya hali ya pili na ya tatu ni tofauti kati ya barua moja ya kielektroniki na kuanza upya: ada nyingine, safari nyingine ya kupanda Wandegeya, na wiki nyingine za kusubiri huku muda wa maombi yake ukiyoyoma. Kwa hiyo nakala ya barua aliyoiandikia ofisi ya Msajili, yenye nambari zote, haitupi hata baada ya kufanikiwa. Atakapoomba leseni ya ualimu katika jimbo, taasisi nyingine itamtaka transkripti nyingine, na kitakachobadilika katika barua hiyo ni mpokeaji, nambari ya kumbukumbu na tarehe.